Kiungo Chenye Sababu: Mwongozo wa Kuunganisha Kitabu, Kozi na Kazi katika Sanduku Moja la Kadi

Kwa misimu mitatu nimesimamia kituo cha kumenyea kahawa kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Moshi. Katika kipindi hicho hicho nilihudhuria kozi ya jioni ya usimamizi wa uzalishaji mjini, na nyumbani nilikuwa nikisoma vitabu vya historia ya Uchaggani kwa mapenzi yangu mwenyewe. Kila kimoja kati ya hivi vitatu kilikuwa na daftari lake: kaunta buku la kituo lilikaa kwenye meza karibu na mizani, notsi za kozi zilikaa kwenye mkoba, na dondoo za vitabu nilizipachika katikati ya kurasa za vitabu vyenyewe. Nilikuwa nimeandika mengi na kwa bidii, lakini msimu wa pili ulipofika kileleni na wakulima wakasimama foleni kituoni hadi usiku, sikukumbuka kwamba darasani nilikwisha fundishwa kwa nini foleni hukua, wala kwamba nilikwisha soma jinsi wazee walivyogawana kitu kichache kwa watu wengi kwenye mlima huu huu.

Maarifa hayo yote yalikuwapo, na kilichokosekana ni njia ya kutoka daftari moja kwenda jingine. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuijenga njia hiyo kwa kadi, na nitakaa zaidi kwenye hatua moja ambayo wengi huipita haraka, yaani kuandika sababu ya kila kiungo.

Vifaa

Anza na karatasi, hata kama baadaye utahamia kwenye kompyuta. Nunua manila nyeupe zenye ukubwa wa A4, ukate kila moja vipande vinne vilivyo sawa. Utapata kadi za A6, ambazo zinatosha wazo moja na hazikuruhusu kuandika mawili. Manila ishirini na tano zitakupa kadi mia moja, na mia moja ni nyingi kwa miezi mitatu ya mwanzo. Boksi la viatu lenye kifuniko linatosha kuzihifadhi, mradi likae mahali pakavu. Ongeza daftari dogo linaloingia mfukoni na kalamu ambayo wino wake hauenei unapolowa, kwa sababu anayefanya kazi karibu na mitaro ya kuoshea kahawa hujifunza mapema kwamba maandishi hupotea kwa matone machache tu.

Maandishi ya aina tatu

Katika mfumo huu kuna maandishi ya aina tatu, na makosa mengi hutokana na kuyachanganya. Ya kwanza ni maandishi ya haraka, yale ya daftari la mfukoni: neno, namba au sentensi iliyokatika, ambayo itatupwa baada ya siku chache. Ya pili ni dondoo za chanzo, yaani mambo uliyoyatoa katika kitabu au somo fulani pamoja na jina la chanzo na ukurasa. Hizi hukaa pamoja kulingana na chanzo chake, nyuma ya boksi. Ya tatu ni kadi za wazo, na hizo ndizo zinazounganishwa. Kadi ya wazo hubeba dai moja, kwa maneno yako mwenyewe, na inapaswa kueleweka na mtu ambaye hajasoma kitabu kile wala kuhudhuria somo lile.

Usigeuze kila dondoo kuwa kadi ya wazo. Katika sura nzima ya kitabu mimi hupata kadi mbili au tatu, na ziko sura ambazo sikupata hata moja. Dondoo zilizobaki hazijapotea. Zinasubiri nyuma ya boksi hadi siku zitakapohitajika.

Kichwa cha kadi kiwe sentensi

Kadi yangu ya kwanza kutoka kwenye kozi ilikuwa na kichwa kilichosomeka “Foleni”. Kichwa cha namna hiyo hakidai chochote, na kadi isiyodai chochote haiwezi kukubaliana na nyingine wala kupingana nayo. Nilipoiandika upya, kichwa kilisomeka hivi: “Muda wa kusubiri huongezeka ghafla mashine inapokaribia kutumika kwa uwezo wake wote.” Chini yake niliandika hesabu aliyotuonyesha mwalimu ya foleni moja yenye mhudumu mmoja, ambapo watu hufika bila mpangilio na muda wa kuhudumiwa nao hubadilikabadilika. Mhudumu akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, mtu husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa huduma moja. Kwa asilimia 90 husubiri mara 9. Na kwa asilimia 95 husubiri mara 19. Mwishoni niliandika sharti: hesabu hii inahusu watu wanaofika mmoja mmoja bila mpangilio siku nzima, na haiwahusu watu wanaofika wote kwa mkupuo.

Sharti hilo lilinigharimu mstari mmoja tu, na baadaye ndilo lililoniokoa. Kila dai lina mipaka yake, na mahali pa kuiandika mipaka hiyo ni kwenye kadi yenyewe, siku ile ile unapoielewa. Ukiisubirisha, kadi itakuja kusomwa baada ya mwaka kama kwamba ni kweli popote.

Kadi inayotokana na kazi

Kuandika kadi kutoka kitabuni ni rahisi kuliko kuandika kadi kutoka kazini, kwa kuwa mwandishi wa kitabu amekwisha kufanya kazi ya kulitaja wazo kwa jina. Kazini hakuna anayekutajia. Kuna mvua, kuna mizani iliyokwama, kuna mkulima anayelalamika, na siku huisha. Kwa hiyo kadi ya kazi hujengwa kwa hatua mbili zinazopaswa kutenganishwa: kwanza kilichoonekana, pamoja na tarehe na vipimo, kisha, chini ya mstari, unachodhani kuwa ndiyo sababu yake.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwangu jioni moja ya mwezi Oktoba. Giza lilikuwa limeshaingia, na mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia lake akisubiri zamu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hii mashine yenu mchana ilikuwa imelala, sasa ndiyo mnaiamsha?”

Niliandika maneno yake kwenye daftari la mfukoni kama alivyoyasema. Nilipofika nyumbani nilifungua kaunta buku la kituo nikakuta kwamba alikuwa amesema kweli tupu. Siku hiyo tulipokea kilo 5,600 za kahawa mbivu, na mashine yetu humenya kilo 800 kwa saa, kwa hiyo ilikuwa kazi ya saa saba. Lakini wakulima walikuwa wameileta yote kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni, kwa sababu huchuma tangu asubuhi na kushuka pamoja. Kufikia saa kumi na mbili mashine ilikuwa imemenya kilo 2,400 na kilo 3,200 zilikuwa bado, ambazo ni saa nne nyingine. Tulimaliza saa nne usiku, na aliyefika wa mwisho alisubiri saa nne kamili.

Kadi iliyotokana na jioni hiyo ina kichwa hiki: “Kituoni mzigo wa saa saba hufika ndani ya saa tatu, na kabla ya hapo mashine haina kazi.” Nusu yake ya juu ina tarehe na namba nilizozitaja. Nusu ya chini, ambayo ndiyo dhana yangu, inasema kwamba tatizo halitokani na udogo wa mashine bali na saa ambazo mzigo hufika. Nilizitenga nusu hizi kwa makusudi, kwa sababu namba zitabaki kuwa kweli hata kama dhana yangu itakuja kuonekana kuwa ni ya makosa.

Sikuandika jina la mzee yule wala la mkulima yeyote, na hivyo ndivyo ninavyofanya daima. Kadi za kazi zisibebe majina ya watu, mishahara, wala siri za mwajiri. Wazo linasimama bila hivyo, na boksi linaweza kufunguliwa na mtu mwingine.

Namba za kadi

Kila kadi ipewe namba ambayo haitabadilika kamwe. Njia ninayoitumia inatokana na mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyeishi kati ya 1927 na 1998 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bielefeld, ambaye alikusanya takriban kadi 90,000 katika makabati ya mbao. Kadi mpya inayoanzisha wazo jipya hupata namba inayofuata: 7, 8, 9. Kadi inayoendeleza kadi ya 7 huitwa 7a na hukaa nyuma yake. Inayoendeleza 7a huitwa 7a1. Na mwendelezo mwingine wa 7, ulio tofauti na 7a, huitwa 7b. Kwa njia hii unaweza kupenyeza kadi mahali popote bila kuvuruga zilizotangulia.

Wanaoanza husumbuka sana wakijiuliza kama kadi fulani ni 7b au 12. Mahali haparekebishi wala hapaharibu kitu. Namba ni anwani tu, kama namba ya nyumba. Nyumba ikishajengwa, utaifikia kwa njia utakazozichonga kuielekea.

Hapa inafaa kueleza kwa nini sipangi kadi kwa masomo, yaani kahawa upande huu, usimamizi upande ule na historia kule. Mpango wa masomo hukuambia wazo limetoka wapi, wakati mtu mwenye tatizo anahitaji kujua wazo linafaa wapi. Somo la foleni lilikuwa limefungiwa chini ya “Uzalishaji” katika notsi zangu, na jioni ile ya Oktoba sikuwa nikifikiria uzalishaji hata kidogo. Nilikuwa nikifikiria wazee waliokaa juu ya magunia.

Kiungo na sababu yake

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi yote. Kuunganisha kadi mbili si kuandika namba ya moja kwenye nyingine. Namba peke yake, mathalani “tazama 12”, inaeleweka siku unapoiandika na kuwa fumbo baada ya miezi sita. Kila kiungo kiwe na sentensi mbili: ya kwanza ieleze kwa nini anayesoma kadi hii aende kwenye ile, na ya pili ieleze mfanano wa kadi hizo mbili unakomea wapi. Kama huwezi kuandika sentensi ya kwanza, huna kiungo. Una hisia tu kwamba mambo hayo mawili yanaendana. Kama huwezi kuandika ya pili, bado hujafikiri vya kutosha.

Nieleze jinsi kadi nne zilivyokutana. Kadi ya 7 ni ile ya foleni iliyotoka kwenye kozi. Kadi ya 19 ni ya jioni ya Oktoba. Kadi ya 20 ilitoka katika kitabu cha usindikaji wa kahawa, na inasema kwamba kahawa mbivu imenywe siku ile ile ilipochumwa, kwa sababu ikilundikwa hupata joto na kuanza kuchacha ndani ya ganda, na ladha ya uchachu huo haitoki tena kwa kuosha wala kwa kukausha. Kadi ya 12 ilikuwa ya zamani kuliko 19 na 20, na nilikuwa nimeiandika kwa kupenda historia tu. Inahusu mfongo, ule mfereji ambao Wachagga waliuchimba kutoka kwenye vijito vya Kilimanjaro na kuuongoza kando ya mteremko hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao. Kichwa chake kinasema: “Maji ya mfongo hayakugawanywa kwa kupanua mfereji bali kwa zamu, na aliyekwepa kazi ya kuukarabati alihatarisha zamu yake.”

Jumamosi iliyofuata niliweka kadi ya 19 mezani na kuzipitia nyingine moja baada ya nyingine, nikijiuliza swali moja tu kwa kila kadi: je, hii ingebadilisha ninachofikiri kuhusu 19? Nyingi hazikubadilisha chochote, nami sikuziunganisha.

Ilipofika zamu ya kadi ya 7, nilikuwa tayari kuandika kwamba foleni ya kituo chetu inaelezwa na hesabu ya mwalimu. Kisha nikausoma mstari wa mwisho, ule wa sharti, nikaona kwamba wakulima wetu hawafiki mmoja mmoja bila mpangilio. Wanafika kwa mkupuo. Kwa siku nzima mashine yetu haikuwa karibu na uwezo wake wote hata kidogo. Kiungo nilichokiandika kwenye kadi ya 19 kikawa hiki: “Tazama 7, inayoonyesha kwamba kusubiri hutegemea jinsi mzigo unavyofika na si kasi ya mashine peke yake. Inakomea hapo: namba za 7 hazitumiki kwetu, kwa kuwa kwetu mzigo hufika kwa mkupuo na unaweza kuhesabiwa kwa kutoa na kugawanya tu.” Bila sharti lile ningeingiza asilimia 95 na mara 19 kwenye ripoti kwa viongozi wa kikundi cha wakulima, na ripoti ingekuwa na makosa yenye sura ya utaalamu.

Kadi ya 12 ndiyo iliyonishangaza. Mfongo na mashine ya kumenyea havifanani kwa macho, lakini vyote viwili ni mlango mwembamba unaohitajiwa na watu wengi, na kwenye mfongo jibu halikuwa kuupanua mlango bali kupanga saa za kuupitia. Niliandika: “Tazama 12, kwa sababu zamu ilifanya kazi pale ambapo uwezo haukuweza kuongezwa. Inakomea hapa: maji yakikosa zamu leo hayaharibiki na yanaweza kulala kwenye bwawa dogo hadi asubuhi, lakini kahawa mbivu inachacha; tazama 20.” Nusu ya pili ya kiungo hicho ndiyo iliyonipeleka kwenye kadi ya 20, na kadi ya 20 iliweka mpaka kwenye suluhisho lote: zamu yoyote nitakayoipanga iwe ndani ya siku ile ile, na isimpangie mkulima yeyote kesho.

Kutoka kwenye viungo hivyo vitatu ilizaliwa kadi mpya, 19a, ambayo haikutoka katika kitabu, kozi wala kazi peke yake. Kichwa chake kilisema: “Makundi mawili ya vijiji yakipokewa kwa zamu ndani ya siku moja, kituo kitamaliza mapema bila mashine mpya.” Chini yake kuna hesabu. Kundi la kwanza lichume hadi mchana na kuleta kilo 2,800 kati ya saa saba na saa nane na nusu. Mashine itazimaliza saa kumi na nusu. Kundi la pili lilete kilo 2,800 nyingine kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili. Zitakwisha saa mbili usiku. Kila kundi linapomaliza kuleta, mashine itakuwa imemenya kilo 1,200 na kubakiza 1,600, kwa hiyo atakayesubiri zaidi atasubiri saa mbili badala ya nne, na kituo kitafungwa saa mbili usiku badala ya saa nne.

Angalia kwamba kadi ya 19a bado ni dhana. Niliiwekea alama ya kuuliza pembeni, na alama hiyo huondolewa tu baada ya jambo kujaribiwa.

Kwa anayetumia simu au kompyuta

Utaratibu ni ule ule. Mimi hunakili kadi zangu kwenye programu ya Obsidian, ambayo huhifadhi kila noti kama faili la maandishi ya kawaida kwenye kifaa chako, kwa hiyo faili hizo zinafunguka hata bila programu yenyewe. Kiungo huandikwa ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, na maneno ya ndani yafanane kabisa na jina la faili. Kadi ya 19 inaonekana hivi:

```
# 19 Mzigo wa saa saba hufika ndani ya saa tatu

Kilichoonekana: kilo 5600; mashine kilo 800 kwa saa;
mapokezi saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni; mwisho saa 4 usiku.
Dhana: tatizo ni saa za kufika, si udogo wa mashine.

[[12 Zamu ya mfongo]]
Kwa nini: zamu ilifaa pale uwezo usipoongezeka.
Inakomea: maji hayachachi, kahawa inachacha.
```

Programu itakuonyesha pia kadi zote zinazoielekea hii uliyoifungua, jambo ambalo kwenye karatasi ni lazima uliandike kwa mkono pande zote mbili. Hata hivyo programu hurahisisha kiungo mno: kubonyeza mabano huchukua sekunde moja, na ndiyo maana sentensi za sababu husahaulika zaidi kwenye simu kuliko kwenye manila. Ile picha ya nukta na nyuzi ambayo programu huichora haikuambii kitu kuhusu ubora wa viungo. Nakili pia folda nzima kwenye flashi mara moja kwa wiki.

Faharasa

Faharasa ni kadi chache za mbele ya boksi zenye maneno ya kuingilia. Usiorodheshe chini ya neno kila kadi inayolihusu. Andika namba mbili au tatu za kuanzia, kisha viungo vikupeleke kwingine. Kwenye faharasa yangu neno “kusubiri” lina 7 na 19 tu. Neno “kahawa” halimo kabisa, kwa kuwa karibu nusu ya boksi linahusu kahawa, na neno linaloelekeza kila mahali halielekezi popote. Chagua maneno ambayo utayatafuta ukiwa na tatizo: kusubiri, kuharibika, zamu, kugombana, kupima.

Saa moja ya Jumamosi

Mfumo huu hauhitaji kazi ya kila siku. Siku za kazi ninaandika kwenye daftari la mfukoni tu. Jumamosi alasiri hulifungua daftari, hukata kwa mstari yale ambayo hayana maana tena, na yaliyobaki huyaandika kuwa kadi mbili au tatu, mara chache nne. Nusu ya saa huishia kwenye kuandika kadi, na nusu nyingine kwenye kuunganisha, kwa njia ile niliyoieleza ya kuweka kadi mpya mezani na kuzipitisha nyingine mbele yake. Boksi likizidi kadi mia moja na hamsini hivi, kupitia zote hakuwezekani. Hapo anza kwenye faharasa, fuata viungo vyake, kisha chomoa kadi nyingine kumi bila kuchagua. Hizo kumi ni muhimu. Kadi ya mfongo isingefikiwa kwa kuanzia neno lolote la kituo.

Dalili za mfumo unaoharibika

Dalili ya kwanza ni kadi zinazosomeka vizuri kupita kiasi, kwa lugha ambayo si yako. Hizo zimenakiliwa. Kipimo chake ni rahisi: ifunike kadi, umweleze mtu wa nyumbani wazo lake bila kuiangalia. Mke wangu hajasoma usimamizi, na kadi niliyoshindwa kumweleza tukiwa jikoni nimeirudisha mara nyingi nyuma ya boksi iwe dondoo tu.

Dalili ya pili ni kadi yenye viungo vingi. Kadi ikiwa na viungo kumi na viwili, kwa kawaida vichache tu vina sentensi ya pili, ile ya mpaka, na vilivyobaki viliwekwa kwa sababu maneno yanafanana. Vikate. Kadi zangu nyingi zina viungo viwili hadi vinne.

Dalili ya tatu huonekana kwa kuchungulia vyanzo. Chomoa kadi ishirini bila kuchagua, uhesabu viungo vinavyovuka kutoka chanzo cha aina moja kwenda kingine: kitabu kwenda kazi, kozi kwenda kitabu. Nilipofanya hivyo mwishoni mwa mwaka wa kwanza, vitabu vilikuwa vikizungumza na vitabu tu, na kadi za kazi zilikuwa sita katika boksi zima. Sababu yake ilikuwa kwamba nilikuwa nasubiri jambo kubwa litokee kituoni ndipo niliandike. Nilirekebisha kwa kujiwekea sharti la kadi moja ya kazi kila Jumamosi, hata kama ni kuhusu mizani.

Kadi inapopingwa

Viongozi wa kikundi walikubali kujaribu zamu msimu uliofuata, kwa wiki tatu za kilele. Wiki ya kwanza na ya pili tulifunga kituo karibu na saa mbili usiku, kama hesabu ilivyosema. Wiki ya tatu ilinyesha. Kundi la kwanza lilijikinga mvua vihambani hadi mchana ukaisha, likateremka pamoja na la pili, na usiku huo tulirudi kwenye foleni ile ile ya zamani.

Kadi ya 19a sikuifuta wala kuirekebisha. Nilibadilisha alama ya kuuliza kwa tarehe za wiki mbili ilipofanya kazi, kisha nikaandika kadi ya 19a1: “Zamu ya saa huvunjika siku ya mvua, kwa sababu uchumaji hufuata hali ya hewa na si saa.” Kiungo chake cha kwanza kinarudi kwenye kadi ya 12, na sababu yake ni swali ambalo sikulifikiria nilipoandika kadi ile: mfongo ulipopungukiwa maji ghafla, zamu ilipangwa upya na nani, na kwa utaratibu gani? Jibu halimo kwenye dondoo zangu. Nimeandika swali hilo kwenye daftari la mfukoni, na Jumapili hii nitakwenda nalo kwa yule mzee wa gunia, ambaye kihamba chake bado kinapitiwa na mfereji.